Kufuta Gari la Mtoto Pichani

Gari la plastiki limesahaulika kwenye vigae vya sebule inayotangazwa kupangishwa. Mhariri wa picha akilifuta gari peke yake, kivuli kitabaki sakafuni bila mwenyewe.

Kwa hiyo katika Photoshop hufungua tabaka jipya, kisha hufunika gari pamoja na kivuli chake kwa Clone Stamp. Huchota kigae cha jirani kilicho umbali uleule kutoka kwenye kamera, kwani vya mbali huonekana vidogo, na huanzia kwenye makutano ya mistari ili iungane. Mwanga nao ulingane: sakafu ya karibu na dirisha hung'aa zaidi.

Doa lilelile likionekana mara mbili, kazi irudiwe. Ufa wa kigae usiguswe. Mpangaji ana haki ya kuuona.