Mshahara uliozidi: deni ni lako, mshahara bado ni wako

Simu kutoka uhasibu kwa kawaida huanza kwa upole. "Dada, kuna kitu kwenye mishahara hakijakaa sawa, ukipata nafasi pitia hapa." Karani wa ghala anayeitiwa simu hiyo huenda anajua tayari ni kitu gani. Miezi minne iliyopita benki ilimtumia ujumbe wenye fedha nyingi kuliko alivyozoea. Akafikiri kampuni imewakumbuka, akalipa ada ya mtoto na kumalizia deni la bati. Sasa anaambiwa kuwa aliyekuwa akiingiza mishahara alisoma mstari usio wake, akampa mshahara wa msimamizi. Mwisho wa mwezi, kabla hajakubali wala kukataa, anakuta zimekatwa zote kwa mkupuo.

Hapo pana maswali mawili, na watu huyachanganya. La kwanza ni kama fedha zile zirudi. La pili ni kama mwajiri anaweza kujichukulia mwenyewe kutoka kwenye mshahara. Jibu la swali la kwanza halimpi mtu jibu la swali la pili.

Kwa Tanzania Bara, swali la kwanza halina ubishi mkubwa. Sheria ya Mikataba, kifungu cha 72, inasema aliyelipwa fedha kwa makosa lazima azirudishe. Haiulizi nani alikosea, wala haimsamehe mtu kwa kuwa alishazitumia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo, katika kifungu cha 28, inamkataza mwajiri kumtaka mfanyakazi arudishe ujira wowote, kisha inaacha mlango mmoja tu: malipo yaliyozidi kwa sababu ya kosa la kukokotoa ujira. Karani wetu yumo ndani ya mlango huo. Namba ilikosewa, fedha zikazidi, anadaiwa.

Maneno "kosa la kukokotoa" yana uzito wake. Mstari uliosomwa vibaya ni kosa la kukokotoa. Posho iliyoingizwa mara mbili, au saa za ziada zilizozidishwa kwa kiwango kisicho chake, ni hivyo hivyo. Lakini meneja akikuahidi posho ya kukaimu, ukakaimu, ukalipwa, halafu akaja meneja mpya na kusema hakuwahi kuiidhinisha, hapo hakuna hesabu iliyokosewa. Kuna uamuzi ambao mtu mwingine hautaki. Mwajiri anaweza kuupinga, ila hawezi kuuvalisha jina la kosa la hesabu ili apite kwenye mlango ule. Unapoletewa dai, anza kwa kuuliza kosa lilikuwa lipi hasa, na lilifanyika kwenye safu gani ya hesabu.

Swali la pili ndilo gumu. Kifungu hicho hicho cha 28 kinaanza na katazo: mwajiri asikate chochote kwenye ujira isipokuwa makato hayo yanatakiwa au kuruhusiwa na sheria, mkataba wa hali bora, amri ya mishahara, amri ya mahakama au tuzo ya usuluhishi, au mfanyakazi mwenyewe amekubali kwa maandishi kukatwa kwa ajili ya deni. Kwa hiyo njia iliyonyooka ni karatasi yenye saini ya mfanyakazi. Waajiri wana hoja yao: kwamba ile ruhusa ya kudai malipo yaliyozidi ni ruhusa ya kisheria inayotosha, na saini haihitajiki. Mimi hoja hiyo hainiingii. Sheria inamruhusu mwajiri kumtaka mfanyakazi arudishe; haikusema ajirudishie. Mtu unaweza kumdai jirani yako na bado usiwe na haki ya kuingia kwake kubeba redio.

Afrika Kusini waliwahi kulifikisha jambo la namna hii hadi Mahakama ya Katiba. Sheria yao ya masharti ya ajira ya mwaka 1997 ina maneno yanayofanana sana na ya kifungu chetu, lakini sheria yao ya utumishi wa umma ilikuwa inairuhusu serikali kukata mshahara wa mtumishi aliyelipwa kimakosa bila kumwuliza. Idara ya afya ya Gauteng ikaitumia kwa mtumishi wake mmoja, chama chake kikaenda mahakamani, na Desemba 2017 kipengele hicho kikafutwa. Mahakama iliona kuwa serikali ilikuwa imejipa madaraka ya kuwa mdai na hakimu kwa wakati mmoja. Uamuzi huo haumfungi hakimu wa Dar es Salaam, ila unaonyesha hoja ilivyo nzito.

Ukivuka Namanga mambo yanageuka. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inataja waziwazi fedha zilizolipwa kimakosa juu ya mshahara anaostahili mfanyakazi kuwa miongoni mwa vitu ambavyo mwajiri anaweza kukata. Saini haitajwi hapo. Kinachomlinda Mkenya ni ukomo: makato yote kwa pamoja, yakiwemo haya, yasizidi theluthi mbili ya mshahara kwa wakati mmoja. Basi Mkenya anayebishana na mwajiri wake aanze na kiasi. Mtanzania aanze na ridhaa.

Turudi kwa karani, maana kwenye hesabu ndiko watu wanakoumizwa bila kujua. Tuseme mshahara wake ghafi ni shilingi 900,000, na kwa miezi minne uliingizwa kama 1,200,000. Mhasibu anatoa, anapata 300,000 kwa mwezi, anazidisha kwa nne: 1,200,000. Anaandika barua kuwa mfanyakazi anadaiwa shilingi milioni moja na laki mbili.

Je, karani alizishika fedha hizo? Kwa mshahara wake wa kweli, NSSF wanachukua asilimia 10, yaani 90,000. Inayobaki, 810,000, inatozwa kodi ya mshahara ya 80,500. Benki ilikuwa inapokea 729,500. Kwa mshahara uliokosewa, NSSF walichukua 120,000, TRA wakachukua 152,000, benki ikapokea 928,000. Tofauti iliyomfikia mkononi ni 198,500 kwa mwezi, na kwa miezi minne ni 794,000. Zile 406,000 nyingine hakuziona. Zilikwenda TRA, shilingi 286,000, na NSSF, shilingi 120,000, na aliyezipeleka ni mwajiri.

Kwa hiyo akitakiwa arudishe fedha kutoka kwenye kile kinachoingia benki, deni lake ni 794,000. Fedha zilizokwenda TRA na NSSF ni kazi ya mwajiri kuzifuatilia kwa kurekebisha taarifa alizowasilisha huko. Baadhi ya wahasibu wanapenda kushusha mshahara ghafi wa miezi inayofuata, kodi na michango ijirekebishe yenyewe. Njia hiyo inaweza kukubalika, na hapo ndipo ile 1,200,000 ina maana, ingawa ngazi za kodi zinaweza kufanya jumla isilingane sawasawa, kwa hiyo ipigiwe hesabu kwanza. Kisichokubalika ni kuchanganya: kuchukua 1,200,000 ya mshahara ghafi na kuikata kwenye mshahara ambao umeshatozwa kodi. Akikubali hivyo, karani atakuwa amelipa kodi ya fedha ambazo amezirudisha. Kosa hili ni rahisi kuligundua. Weka hati ya mshahara ya mwezi wa kosa kando ya hati ya mwezi wa kawaida, utoe mstari wa chini kwa mstari wa chini. Kama dai ni kubwa kuliko tofauti hiyo, uliza.

Sasa kasi ya kulipa. Deni ni 794,000 na mshahara wa mkononi ni 729,500. Ukikatwa kwa mkupuo, karani anarudi nyumbani mikono mitupu na bado anadaiwa 64,500. Kifungu cha 28 kimeweka ukomo wa robo ya ujira wa fedha, lakini ukomo huo umeandikwa kwa makato ya kufidia hasara au uharibifu, haukutajwa kwa malipo yaliyozidi. Hata hivyo ni kipimo kizuri cha kwenda nacho mezani. Robo ya 900,000 ni 225,000. Akirudisha kwa miezi ile ile minne aliyozidishiwa, ni 198,500 kila mwezi, ndani ya robo, na anabaki na 531,000. Akiomba miezi minane, ni 99,250, anabaki na 630,250. Kwa maoni yangu, mwajiri aliyekosea kwa miezi minne bila kugundua hana sababu ya kukataa miezi minane. Na kama mfanyakazi ana makato mengine, kama mkopo wa Sakosi au wa elimu ya juu, yawekwe kwenye hesabu kabla ya kukubaliana kiasi.

Makubaliano yenyewe yanaenea kwenye ukurasa mmoja. Yaseme kosa lilikuwa nini na lilidumu miezi ipi, deni ni kiasi gani na limepatikanaje, litakatwa kiasi gani kila mwezi, mwezi gani wa kwanza na mwezi gani wa mwisho, na itakuwaje mfanyakazi akiacha kazi kabla halijaisha. Kipengele hiki cha mwisho husahaulika, halafu siku ya kuondoka mtu anakuta malipo yake ya likizo na notisi yamemezwa yote. Kila mwezi makato yaonekane kwenye hati ya mshahara kwa mstari wake, si kuchomekwa chini ya "mengineyo".

Kuna wanaonyamaza makusudi. Ukiona fedha zimezidi na ukajua hazikuwa zako, kukaa kimya hakufuti deni, na kunampa mwajiri nafasi ya kuacha habari ya hesabu na kuanza kuzungumzia uaminifu wako. Ujumbe mfupi wa maandishi kwenda kwa mhasibu siku ile ile unakuweka mahali pengine kabisa, hata kama atachelewa kuujibu.

Na kama umeshakatwa bila kukubali, usiishie kulalamika kantini. Andika barua ya kupinga, uambatishe hati za mshahara, ubaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Wasipokusikiliza, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ujaze fomu CMA F.1 na umpe mwajiri nakala. Kwa migogoro ya aina hii muda ni siku 60 tangu mgogoro ulipoanza. Ile ya kuachishwa kazi ndiyo ina siku 30. Anza kuhesabu tangu siku ulipokatwa, si tangu siku walipoacha kukujibu.