Dola Zilizonunuliwa kwa Awamu: Umepata au Umepoteza?

Januari 2024 dola moja ya Marekani ilipita shilingi 160 za Kenya. Mwezi uliofuata serikali iliuza hatifungani mpya ya dola bilioni 1.5 ili kulipa mapema sehemu ya deni la dola bilioni 2 lililokuwa liive Juni. Hofu ikapungua, na kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa imeshuka hadi 130 na kitu. Kwa aliyekuwa amejiwekea dola kidogo kidogo, swali likawa moja: akiuza, anapata au anapoteza?

Tuchukue mfano wa muuza vipuri wa Mombasa. Mwanzoni mwa 2023 alinunua dola 500 kwa shilingi 125. Katikati ya mwaka akaongeza 1,000 kwa 142, na Januari 2024, bei ikizidi kupaa, akachukua 2,500 kwa 163. Mwishoni mwa Februari anahitaji shilingi, na duka la kubadilisha fedha linanunua dola kwa 145.

Wengi hujumlisha bei tatu na kugawa kwa tatu, wakapata 143 na ushei. Kwa hesabu hiyo, 145 ni faida. Lakini bei ya 163 ilibeba dola nyingi mno kuliko ile ya 125, na haiwezi kupewa uzito sawa nayo. Kinachogawanywa ni shilingi zote zilizotoka: 62,500, 142,000 na 407,500, yaani 612,000. Ukizigawa kwa dola 4,000, kila dola ilimgharimu 153. Akiuza dola 1,000 anapoteza shilingi 8,000.

Baada ya kuuza ndipo daftari nyingi huharibika. Mtu hutoa kwenye 612,000 zile 145,000 alizopokea, akabaki na gharama ya 467,000 kwa dola 3,000, na wastani unaruka hadi karibu 156. Hapo hasara iliyokwisha kuandikwa inajipenyeza tena ndani ya dola zilizobaki, na itahesabiwa mara ya pili zitakapouzwa. Kinachotolewa ni gharama ya dola zilizoondoka, 153,000. Zinabaki 459,000, na wastani unakaa palepale, 153.

Ununuzi ndio unaousogeza. Tuseme Aprili anaongeza dola 1,000 kwa 132: gharama inakuwa 591,000 kwa dola 4,000, na wastani unashuka hadi 147.75. Hasara ya Februari haijafutika. Bei ya kurudisha mtaji wa dola alizonazo ndiyo iliyoshuka. Na bei hiyo hulinganishwa na ile ambayo duka linanunulia, si ile kubwa zaidi ambayo linauzia. Ada yoyote ya benki wakati wa kununua huongezwa kwenye gharama siku hiyohiyo; ada ya kuuza hukatwa kwenye shilingi zinazopokelewa.