Umeme Ukikatika Kati ya Kutoa na Kuweka

Asha anamtumia kaka yake shilingi 50,000. Kwa kompyuta ya benki hizo ni hatua mbili: kupunguza salio lake, kisha kuongeza la kaka. Umeme ukikatika katikati, je? Hifadhidata huwa imeshaandika mabadiliko kwenye daftari la diskini, na mwishoni huweka alama ya kukamilika. Ikiwaka tena, hulisoma: muamala wenye alama hukamilishwa, usio nayo hutenguliwa.

Hiyo ya yote au hamna ndiyo herufi ya kwanza ya ACID, jina walilolitoa Theo Härder na Andreas Reuter mwaka 1983. Zilizobaki: kanuni zisivunjwe, miamala isiingiliane, kilichokamilika kidumu. Ila Asha akituma tena kwa sababu ujumbe umechelewa, kwa hifadhidata huo ni muamala mpya, halali kabisa.