Karatasi ya Kwenye Kibanda cha Mlinzi

Tuchukue ghala la kawaida la Dar es Salaam: mabati juu, katoni za nepi, sabuni na biskuti zimepangwa hadi karibu na dari, na kwenye kona moja madebe ya tina ya rangi, vitakasa mikono na dawa ya mbu ya kopo. Katoni ndizo zinazojaza ghala, lakini ile kona ndiyo ya kuogopa.

Tina nyingi, pamoja na kitakasa mikono chenye asilimia 70 ya spiriti, hutoa mvuke unaoshika moto hata joto likiwa chini ya nyuzi 25. Chini ya mabati, mchana, joto hupita 30. Kwa hiyo debe linalovuja linasubiri cheche tu. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni kimyakimya hadi kwenye chaja ya foklifti iliyo mbali na debe, ukalipuka pale, na moto ukaufuata kurudi ulikotoka. Ndiyo maana vitu hivi hutengewa chumba chao, chenye matundu ya hewa hata chini karibu na sakafu, na ukingo wa zege mlangoni. Kanuni inayotumika sana ni kwamba ukingo uweze kuzuia asilimia 110 ya chombo kikubwa kuliko vyote: pipa la lita 200, basi lita 220.

Makopo ya kupuliza yana hatari yake. Yakipata moto hupasuka na kuruka yakiwaka, yakawasha rundo ambalo halikuguswa. Yafungiwe kwenye kizimba cha wavu wa chuma, chenye wavu juu pia. Bila huo wa juu, ni kazi bure.

Moto ukitokea, mtungi wa unga wa kilo 9 hauchukui hata nusu dakika kuisha. Tina inayowaka usiimwagie maji, kwani huelea juu yake na kusambaa. Mtungi mmoja ukishindwa, toka, funga mlango, piga 114.

Lakini usiku nani atapiga? Mara nyingi ni mlinzi peke yake, na hana habari kilichomo ndani. Juni 2022, kwenye bohari ya makontena ya Sitakunda, Bangladeshi, wazimamoto waliingia kwenye moto bila kujua kwamba baadhi ya makontena yalikuwa na haidrojeni peroksidi. Yalilipuka. Watu zaidi ya 40 walikufa, wakiwemo wazimamoto.

Basi karatasi moja ikae kibandani, getini, isiwe ofisini ambako moto utaifikia: mchoro wa ghala, kemikali gani iko wapi na kiasi gani, swichi kuu ya umeme, na bomba la maji ya zimamoto. Mtunza ghala aiandike upya kila mzigo wa hatari unapoingia au kutoka, na mlinzi wa zamu aweze kuisoma kwa simu bila kigugumizi.