Hewa Nayo Hujaa na Kupwa

Mtu akinunua baromita na kuitundika ukutani Dar es Salaam, ataingia wasiwasi siku ya kwanza tu. Saa nne asubuhi mshale unaonyesha, tuseme, hektopaskali 1013. Saa kumi alasiri umeshateremka hadi 1010. Uso wa chombo umeandikwa kwamba mshale ukishuka hali ya hewa inaharibika, lakini nje jua linawaka na bahari ni shwari. Saa nne usiku mshale umepanda, saa kumi alfajiri umeshuka tena, na kesho yake ni vilevile.

Baromita hiyo ni nzima. Inachokipima ni uzito wa hewa yote iliyo juu yetu, kuanzia hapa tuliposimama hadi mwisho wa anga. Uzito huo si mdogo: kila sentimita moja ya mraba hubeba karibu kilo moja, na meza yenye upana wa mita moja ya mraba hubeba tani kumi. Meza haivunjiki kwa sababu hewa huisukuma kutoka chini pia. Ndani ya baromita ya mshale kuna kikopo cha bati jembamba kilichotolewa hewa. Mgandamizo ukizidi kinabonyea, ukipungua kinatuna, na mshale unafuata.

Kila siku jua hupasha moto anga, nalo huyumba kama maji ndani ya beseni. Kwa hiyo hewa ina kujaa na kupwa kwake, mara mbili kwa siku, ila ratiba yake inafuata jua kuliko mwezi. Katika nchi za mbali na ikweta mabadiliko hayo ni madogo, na dhoruba za huko huyafunika. Kwetu ndiyo makubwa kuliko yote katika siku ya kawaida, na ndiyo maana kanuni za baromita zilizotungwa Ulaya hutupoteza.

Kushuka kwa dhoruba ni jambo jingine kabisa. Juu ya bahari yenye joto, hewa yenye unyevu hupanda. Mvuke wake ukigeuka matone ya mawingu hutoa joto, hewa ya hapo inavimba na kumwagika pembeni kule juu. Ikiwa inatoka juu kwa kasi kuliko inavyoingia chini, hewa iliyobaki ni nyepesi, na mgandamizo wa chini unapungua. Hewa ya jirani inakimbilia hapo, na mkimbio huo ndio upepo. Mzunguko wa dunia huupindisha, hivyo badala ya kufika katikati na kuziba pengo, unalizunguka. Karibu sana na ikweta mpindo huo haupo, pengo huzibika mapema, na vimbunga havijengeki. Mombasa inanusurika kwa hilo. Kusini zaidi kinga inapungua: Aprili 15, 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu ya Unguja na kuharibu meli za Sultani Barghash, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia.

Basi usilinganishe namba ya alasiri na ya asubuhi. Linganisha saa nne ya leo na saa nne ya jana, kwenye ukuta uleule, kwa kuwa kupanda ghorofa mbili au tatu tu, kama mita nane, hupunguza karibu hektopaskali moja. Chukua mfano wa mtu aliye Kilwa. Juzi saa nne asubuhi alisoma 1013, jana 1012, leo 1010. Hizo ni tatu chini ya kawaida kwa saa ileile, na mabaharia wa bahari za joto huanza kuwa macho hapo. Saa nne usiku, wakati mshale ungepaswa kupanda hadi karibu 1012, anakuta 1006. Upungufu ukifika tano au zaidi, mabaharia huamini kwamba kimbunga kipo, na kitovu chake huenda kisizidi kilomita 370.

Mvua za masika ni habari nyingine. Wingu la radi la alasiri ni dogo mno kuushusha mshale mapema, na linapofika, hewa baridi inayoporomoka nalo huupandisha ghafla. Kwa mvua za aina hiyo, mawingu na taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa hukwambia zaidi kuliko ukuta wako.

Kimbunga kikiwa bado mbali, mshale huendelea kujaa na kupwa huku ukiteremka pole pole. Kikikaribia, kama kilomita 200 hivi, mteremko unakuwa mkali na mawimbi yale ya kila siku yanafunikwa. Saa nne inafika, na mshale haupandi.