Jedwali la ekari likinakiliwa kwa hekta, kosa hujificha kwenye mavuno

Beni na Butembo, ukubwa wa shamba huandikwa kwa hekta, kama kwenye hati za ardhi kote nchini Kongo. Lakini ng'ambo ya mpaka wa Kasindi, Uganda, wakulima wanapima kwa ekari, na karatasi za mbegu na mbolea zinazotoka huko zinafuata kipimo hicho. Karani wa ushirika anayenakili jedwali la namna hiyo hukumbuka kugeuza safu ya ukubwa wa shamba. Kosa hutokea kwenye safu zinazofuata.

Tuseme mstari wa mahindi unaonyesha ekari 12, mavuno kilo 9600, sawa na kilo 800 kwa ekari. Ekari 1 ni hekta 0,4047, kwa hiyo shamba ni hekta 4,86. Kilo 9600 zinabaki zilivyo, maana mahindi ni yale yale. Ile 800 ndiyo yenye mtego. Hekta 1 inabeba ekari 2,471, kwa hiyo mavuno ya hekta moja lazima yawe makubwa kuliko ya ekari moja: 800 mara 2,471 ni kilo 1977.

Karani akibadilisha kichwa cha safu tu na kuacha 800, shamba zuri linaonekana duni. Akizidisha kwa 0,4047, kama alivyofanya kwenye ukubwa, anapata 324, na hapo ni vibaya zaidi. Kugundua ni rahisi: gawanya kilo zote kwa hekta. 9600 kwa 4,86 ni kama 1975, karibu kabisa na 1977. Tofauti hiyo ndogo inatokana na kukata desimali. Jibu likiwa mbali, kuna safu iliyosahauliwa.

Kwenye mbolea, kosa hilo hilo linafika shambani. Mfuko 1 wa kilo 50 kwa ekari ni karibu kilo 124 kwa hekta. Ikinakiliwa kilo 50 kwa hekta, mahindi yanapata chini ya nusu ya kipimo, na mkulima atailaumu mbolea.

Wanaofanya kazi kwa Kifaransa wana mtego wao pia. Ari, ambayo ni mita 100 za mraba, inafanana kwa jina na ekari, lakini ekari 1 ni zaidi ya ari 40. Tena Waganda huandika 9,600 wakimaanisha elfu tisa na mia sita, wakati Mkongomani anaweza kuisoma kilo tisa na nusu hivi.

Desimali zikatwe mwisho, baada ya kujumlisha. Wakulima 60 wenye nusu ekari kila mmoja wana hekta 12,14. Kila mmoja akiandikiwa 0,2 kwanza, jumla inakuwa 12, na sehemu ya hekta imepotea bila mtu kuuza shamba. Ndiyo maana karani mwangalifu huacha safu ya ekari za asili pembeni ya hekta zake, asiifute.