Video Iliyo Baridi kwenye Ramani ya Joto

Mwenye tovuti akifungua ramani ya joto ya ukurasa wake, jicho humkimbilia penye video. Ramani hiyo ni picha ya ukurasa iliyopakwa rangi kufuatana na mahali watu walipobofya: palipobofywa sana huwaka nyekundu, palipobofywa kidogo huwa buluu, pasipoguswa hubaki bila rangi. Mara nyingi video huonekana haina rangi hata chembe, na hukumu hutoka papo hapo: haitazamwi, iondolewe.

Naomba hukumu hiyo isubiri. Video nyingi za kwenye tovuti zinatoka YouTube na huwekwa ndani ya `iframe`, yaani ukurasa mwingine uliopachikwa ndani ya ule unaousoma. Kwa sababu za usalama, kivinjari hakiuruhusu ukurasa wa nje kuchungulia yanayofanyika ndani ya ule wa pili. Mtu akibonyeza kitufe cha kucheza, mbofyo huo unaishia YouTube. Chombo kinachochora ramani, kama vile Microsoft Clarity, hakina habari nao. Video inaweza kuchezwa mchana kutwa na ramani ikabaki baridi.

Waliocheza huhesabiwa kwa njia nyingine. Google Analytics huandika tukio la `video_start` video ya YouTube inapoanza, kisha `video_progress` inapofika asilimia 10, 25, 50 na 75. Ili hilo litokee, anwani ya video ndani ya ukurasa iwe na nyongeza hii:

```
https://www.youtube.com/embed/KITAMBULISHO?enablejsapi=1
```

Idadi hiyo peke yake haitoshi, kwa kuwa mtu hawezi kucheza asichokiona. Hapa ndipo ramani ya kuskroli inapofaa. Yenyewe haijali mibofyo. Inaonyesha ni asilimia ngapi ya wageni waliteremka hadi kila sehemu ya ukurasa. Isome kwenye ukingo wa chini wa video, si wa juu. Mtu ambaye ukingo wa juu tu umechomoza chini ya skrini yake ameona ufito wa picha, hajaiona video.

Tuchukue mfano wa kubuni: ukurasa wa chuo cha ufundi, wenye video ya karakana. Wageni wa simu ni 1,000, na waliocheza ni 95. Ukigawanya kwa wageni wote unapata chini ya asilimia 10, na mkuu wa chuo anakunja uso. Lakini ramani ya kuskroli inasema waliofika chini ya video ni asilimia 38, yaani watu 380. Miongoni mwao, 95 ni robo kamili. Waliofika wameipenda, tatizo liko njiani.

Ukipanda na ramani hiyo kuelekea juu, unakuta rangi inakatika ghafla mahali pamoja. Kwanza kuna jedwali la ada, ambalo wazazi wengi ndilo walilolijia. Chini yake kuna mkanda mpana wa kijani wenye namba ya simu, umejaza skrini nzima kutoka upande hadi upande. Unafanana na mwisho wa ukurasa, na watu wanauamini. Anayepima kwa kompyuta halioni tatizo hili, kwani kwenye skrini pana sehemu ya video huonekana chini ya mkanda. Kwa sababu hiyo usichanganye kamwe ramani ya simu na ya kompyuta. Ukurasa uleule kwenye simu ni mrefu zaidi, na asilimia 60 ya urefu wake ni mahali pengine kabisa.

Sasa video inapandishwa juu ya jedwali la ada. Tuseme katika wageni 1,000 wanaofuata, 850 wanaifikia na 136 wanaicheza. Uwiano umeshuka kutoka asilimia 25 hadi 16, na wapo watakaosema mabadiliko yameharibu. Mimi nasema yamesaidia. Wale 380 wa mwanzo walikuwa wenye shauku, waliovumilia hadi chini. Sasa wamechanganyika na wapita njia, na uwiano hauna budi kushuka. Waliocheza wameongezeka kwa 41. Laiti wangebaki 95 ilhali wanaofika wamezidi maradufu, ningeigeukia picha ya jalada la video: huenda ni giza, au inafanana na tangazo ambalo watu wamezoea kulipita.

Hesabu hizi zote zinavunjika iwapo video inajicheza yenyewe ukurasa unapofunguka, maana `video_start` itaandikwa hata kwa asiyeitupia jicho. Hapo tazama waliofika asilimia 50 ya video, na uwalinganishe na waliofika ilipo.